Barua kwa familia ya mfanyakazi aliyeumia: nini kiandikwe, nini kiachwe

"Mimi ni supavaiza katika kiwanda cha sukari nguru huku Kakamega. Kijana wangu ameshikwa mkono na roli za kukamua miwa, yuko wodini. Mwenye kiwanda anasema nisiandike chochote, wakili atashughulikia. Mke wake ananipigia simu kila jioni. Niandike au ninyamaze?"

Andika. Lakini tajiri wako hakosi sababu, na barua mbaya ni afadhali usiiandike kabisa.

Kwanza hoja yake. Bima nyingi za waajiri huwa na sharti kwamba mwajiri asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni ya bima. Barua yenye maneno "tunasikitika kwamba tulikosea" inaweza kuwekwa mezani siku ya mvutano. Tena kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayodai mashine hatari iwe na kinga. Anayeivunja anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo hofu ya karatasi haikutoka hewani.

Hata hivyo, wanaomshauri hivyo mara nyingi wanasahau jinsi fidia yenyewe ilivyo. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, mfanyakazi aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi nao haumnyimi haki. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumzuii kama ajali imemwachia ulemavu mkubwa, yaani asilimia 40 au zaidi. Kusema tu kwamba mkono ulishikwa na roli akiwa kazini ni kusema jambo ambalo mwajiri mwenyewe anatakiwa kuliandika kwenye ripoti yake kwa idara ya usalama kazini ndani ya siku 7. Unaficha nini basi?

Na ukimya una bei yake. Mke asipopata maelezo kutoka kwako atayapata stendi, kwa mtu asiyekuwepo. Jioni ile ile shemeji atatafuta wakili, na huenda wakaanzia mahakamani mahali ambapo sheria haiwaruhusu kuanzia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu wa madai haya kuanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Anayepinga uamuzi wake ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake, kisha ndipo rufaa huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Wakati huo wote muda wa kudai, miezi 12 tangu ajali, unazidi kuyoyoma.

Sasa barua yenyewe. Itasomwa kwa sauti sebuleni, pengine na mtoto wa shule, huku baba mkwe akisikiliza. Andika hivi, kwa sentensi fupi:

"Mama, salamu kwako na kwa wazee wa nyumbani. Jumanne, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mkono wa kulia wa mume wako ulishikwa na roli za kukamua miwa. Injini ilizimwa, roli zikarudishwa nyuma, mkono ukatoka. Tulimfikisha hospitali saa mbili na robo. Nilikuwa naye ndani ya gari, na alikuwa akizungumza. Habari ya vidole mtaambiwa na daktari, kwa sababu mimi sina ujuzi huo."

Kila jambo hapo ni la kuonwa kwa macho. Hakuna "aliteleza" wala "hakuwa makini". Maneno hayo mawili ndiyo husababisha familia kukasirika kwa miaka, na kisheria, kama tulivyoona, hayamsaidii mwajiri kiasi anachodhani.

Swali gumu ni la kinga. Tuseme ulipofika ulikuta kinga ya roli imetolewa na kuegemezwa ukutani, kwa sababu miwa ilikuwa ikikwama. Uandike? Upande mmoja utasema wenzake wameshamsimulia mke, na ukiruka jambo hilo barua yote inakuwa uongo mtupu. Upande mwingine utasema chanzo cha ajali ni kazi ya afisa wa usalama anayekuja kuchunguza, na wewe si mchunguzi. Binafsi naelemea upande wa pili kwa barua hii, lakini kwa masharti mawili. Usiandike kamwe kwamba kinga ilikuwepo. Na afisa akija, mwambie ulichokiona. Kwenye barua inatosha: "Chanzo kinachunguzwa na afisa wa usalama kazini. Nitamweleza yote niliyoyaona, na ninyi pia mna haki ya kwenda ofisini kwake kuuliza." Nakiri itasikika kama kukwepa. Kama ni wewe uliyeruhusu kinga itolewe, tafuta ushauri wako mwenyewe kabla hujatia sahihi, maana wakili wa tajiri si wako.

Upande wa msaada, andika tu kile tajiri ameshakikubali, na utenganishe haki na huruma. Gharama za matibabu zinazofaa, pamoja na usafiri wa hospitali, ni jukumu la mwajiri. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, kuna malipo yanayolingana na mapato yake, kwa kipindi kisichozidi miezi 12, kwa viwango vinavyowekwa. Haya ni deni, yasiitwe "msaada wetu". Mchango wa wenzake, ule wa kutumiana kwa simu, uandikwe peke yake: "Wenzake wamechanga shilingi 14,300, nimemkabidhi ndugu yake mbele ya watu wawili." Nimeona mchango wa vibarua ukigeuzwa kwenye daftari la kiwanda kuwa malipo ya awali ya fidia. Ni wizi, ingawa uliandikwa kwa wino mzuri.

Je, utaje kiasi cha fidia ya kudumu? Hapa wengi huponzwa na nia njema. Hesabu ni mapato ya mwezi mara 96 mara asilimia ya ulemavu. Kwa anayepata 18,000, asilimia 30 ni shilingi 518,400. Lakini asilimia hiyo hupimwa na daktari jeraha likishapona, na leo hakuna anayeijua. Ukiandika laki tano, kisha daktari aseme 20, umeshawakosesha familia 172,800 ambazo hawakuwa nazo. Waeleze hesabu, uache nafasi ya asilimia wazi.

Kuna jambo moja ambalo tajiri hatalipenda: waambie wasitie sahihi karatasi yoyote ya "nimelipwa, sina dai tena" wodini, mgonjwa akiwa na dawa za maumivu kichwani. Ukiona huwezi kuliandika bila kupoteza kazi, mwambie mke kwa mdomo. Waombe pia wahifadhi nakala ya fomu ya ajali. Wengi bado huiita LD 104, na daktari hujaza sehemu yake.

Mwonyeshe tajiri barua kabla haijatoka. Akitaka kufuta sentensi, muulize ni ipi na kwa nini. Nilivyoona mimi, wengi hufuta pole, wakaacha saa na tarehe, na hata hivyo inabaki barua ya maana. Tia tarehe, baki na nakala, uipeleke mwenyewe badala ya kumtuma mtu wa pikipiki. Keti hadi isomwe yote, kwa sababu maswali huja ikishakunjwa.