Printa Iliyoitika Ikiwa Imechomolewa

Julai ile, baridi ya Uyole ilipokuwa imetufanya tuingie ofisini na makoti, printa yetu ilianza kuchagua watu. Katibu muhtasi alichapa barua bila shida, huku mhasibu, aliyeketi mita mbili kutoka kwake, akiambiwa kuwa printa haipatikani, na baada ya dakika chache mambo yakageuka. Mhasibu alisema ni baridi, akaifunika printa kwa kitenge.

Mimi niliandika `ping 192.168.1.50`, ambayo ndiyo anwani ya printa, nikajibiwa vizuri. Nikaichomoa printa umeme na waya wa mtandao, nikafuta anwani ambazo kompyuta yangu ilikuwa imezikumbuka kwa `arp -d *`, kisha nikauliza tena. Ikajibu.

“Shikamoo, mie naenda kunywa chai,” alisema mhasibu, ambaye hajawahi kuniamkia kwa kuwa ni mkubwa kwangu.

Anayejibu hivyo si marehemu bali ni jirani mwenye anwani ileile. Kila kompyuta huuliza mtandaoni nani mwenye 192.168.1.50, kisha hukumbuka kwa muda jibu lililolishinda lingine. Ndiyo maana mmoja huangukia kwenye printa na mwenzake kwa mgeni. Kompyuta zetu hazikuonyesha onyo lolote, kwani waliokuwa wakigombania anwani hiyo walikuwa vifaa vingine.

Niliandika:

```
arp -a
```

Anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, iliyotokea kwa 192.168.1.50 iliishia na `a7-30`, ilhali karatasi ya taarifa za printa ilionyesha `4e-12`. Swichi yetu ni ya bei nafuu, haina orodha ya kuonyesha kifaa kipi kiko tundu lipi. Kwa hiyo nikaacha `ping -t` ikiendelea na kuchomoa waya mmoja mmoja, huku nikilaumiwa kutoka kila chumba, hadi majibu yalipokatika. Waya huo ulipanda darini, ukavuka korido na kushukia stoo ya jikoni, nyuma ya gunia la viazi, kwenye kinasa picha za kamera.

Mama mpishi alikiri bila wasiwasi kwamba uongozi ulimruhusu kukifunga, kwa sababu nyama zilikuwa zinapungua. Fundi alikuja jioni, printa ikiwa imezimwa. Akaijaribu anwani hiyo, hakujibiwa, akaona iko wazi. Kimya cha kifaa kilichozimwa kimewaponza mafundi wengi.

Nilikihamishia kinasa kwenye 192.168.1.240, nje ya anwani ambazo ruta hugawa yenyewe, na kwenye ruta nikaitengea printa anwani yake ya zamani kwa kutumia MAC yake. Ili kuhakikisha kinasa kinapatikana kwenye anwani mpya, nilifungua picha zake mbele ya mama mpishi, na ya kwanza kutokea ilimwonyesha mhasibu, kikombe cha chai mkono mmoja, mkono wa pili ukifunua sufuria.

“Mwanangu,” mama mpishi akaniambia, “hiyo nichapie. Ya rangi.”