Mapipa sita au kumi chini ya jukwaa la vizimba?

"Nataka jukwaa la mita 4 kwa 3 kwenye vizimba vya samaki karibu na Jinja. Litabeba watu wanne na mifuko kumi ya chakula ya kilo 25. Mapipa sita ya lita 200 yanatosha?"

Kwa hesabu ya jumla, yanatosha. Pipa la bluu la lita 200 likizama lote husukuma kando lita 210 hivi za maji, na kila lita ya maji ya ziwani ina uzito wa kilo moja. Toa kilo 9 za pipa lenyewe, zinabaki kama 200 za kubebea mzigo. Watu wanne ni kilo 320, chakula 250, mbao za mkaratusi na boliti tukadirie 330. Jumla ni 900, na mapipa sita yanamudu 1,200. Anayesema sita yanatosha hajakosea hesabu, na anaokoa fedha za mapipa manne.

Tatizo ni kwamba watu hawakai katikati. Samaki wakivutwa, wote wanne husogea upande wa wavu. Panga mapipa safu mbili za matatu: mbao na chakula vinagawana, kilo 290 kila safu, kisha watu wanaongeza 320 upande mmoja. Ni kilo 610 juu ya mapipa matatu yanayoweza 600. Ukingo unazama, mifuko inateleza kuelekea huko huko, na jukwaa linapinduka. Hatari yake ni kwamba wakati wa kupakia kila kitu kilionekana sawa.

Kwa mapipa kumi, matano kila safu, kila pipa la upande huo linabeba kilo 122. Jukwaa litainama kama sentimita 14 tu kutoka safu hadi safu. Kanuni ninayoitetea ni hii: mzigo ukienea sawasawa, pipa lizame nusu tu. Hapo linabeba kilo 96, na 900 ukigawa kwa 96 unapata tisa na ushee, yaani kumi.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: jukwaa likiwa tupu hukaa juu sana, upepo na mawimbi hulitikisa zaidi, hivyo kamba za nanga ziwe imara. Lakini akiba hiyo ndiyo inayokuokoa pipa likivuja, na huvuja hasa kwenye vizibo. Pipa lililofungwa mchana wa jua kali hupoa likiguswa na maji, hewa ndani hunywea, na maji hufyonzwa kupitia mpira uliochoka. Funga alfajiri, zungushia uzi wa kizibo tepu ya mabomba, kisha lizamishe pipa na utazame mapovu. Baadaye, kona moja ikikaa chini kuliko nyingine wakati jukwaa ni tupu, fungua pipa la kona hiyo kwanza.