Kujiita kwa jina lako hofu inapopanda

"Mtu anayejizungumzia kwa jina lake mwenyewe ana majivuno, au ameanza kuchanganyikiwa."

Kwa anayejitaja hadharani ili asikike, lawama hiyo ina mashiko. Ila wanasaikolojia wanaoipendekeza njia hii wanazungumzia jambo jingine kabisa: maneno ya kimoyomoyo, ya dakika chache, kabla ya jambo linalotia hofu.

Mwaka 2014, Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha majaribio kadhaa. Katika mojawapo, watu walipewa dakika 5 tu kuandaa hotuba ya kueleza kwa nini wanafaa kwa kazi wanayoitamani, wakaitoa mbele ya watu wa kuwapima. Waliojisemesha kwa jina walihutubia vizuri zaidi kuliko waliotumia "mimi", na baadaye hawakuendelea sana kujitesa kwa yaliyopita. Hili la pili ndilo zito kwangu. Usaili huisha kwa nusu saa, lakini kuurudia kichwani usiku kucha ndiko kunakommaliza mtu.

Mwaka 2017, Jason Moser, Kross na wenzao walipima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za kutisha. Waliojiuliza kwa jina wanahisi nini, mshtuko ulipungua ndani ya sekunde moja hivi, bila dalili kwamba ubongo ulikuwa ukijikaza zaidi kujizuia. Kwa mtu aliyekwisha kuchoka, unafuu usiodai nguvu ya ziada ni jambo kubwa.

Chukua Neema, anayesubiri kuitwa kwenye usaili. "Nitaumbuka, nitasahau kila kitu." Hapo hofu inajirudia tu. Akigeuza: "Neema anaogopa nini hasa? Anaogopa swali la bajeti. Lakini bajeti ameishika mwaka mzima. Akiulizwa, aanze na ile ya mradi wa maji." Jina limemtoa kwenye kilio, likamfikisha kwenye sababu, kisha kwenye hatua. Akisema "Neema mjinga, kila mara anaharibu," jina limegeuka fimbo. Utaijua kwa sababu hakuna jipya analojifunza; ni hukumu tupu.

Wenye shaka wana hoja pia. Ushahidi mwingi umetoka maabara za Marekani, kwa mikazo ya muda mfupi, na sehemu kubwa ya vipimo ni watu kueleza wenyewe wanavyojisikia. Haya hayatoshi kuifanya njia hii tiba ya sonona au ya kiwewe, na anayeiuza hivyo anapotosha. Vilevile, mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu hana tatizo la kujiita "mimi" au kwa jina. Kujiita kwa jina kunaweza kumsaidia aingie kwa bosi akiwa ametulia na kudai haki yake kwa mpangilio. Deni lenyewe bado ni la mwajiri.