Shoti ya kukinga BTC: dhamana ndiyo inayoamua

"Kaka, nina BTC 0.5 ya muda mrefu na siiuzi. Ila naona soko litashuka. Nikifungua shoti kwenye mkataba wa kudumu niikinge, ni akili au balaa?"

Yote mawili, mdogo wangu. Shoti ni dau linalolipa bei ikishuka, mkataba wa kudumu hauna tarehe ya kuisha, na kinachoamua ni dhamana, yaani hela unayoiweka kulishikilia dau hilo. Tuseme bei ni dola 60,000 na umeshoti 0.25 kwenye BTCUSDT. Bei ikianguka hadi 50,000, spoti, yaani BTC 0.5 uliyo nayo, inapoteza dola 5,000, shoti inakurudishia 2,500. Sarafu zako zinabaki kwenye waleti yako zilivyo.

Shida inatokea bei ikipanda. Faida ya spoti iliyo kwenye waleti haiwezi kuiokoa shoti. Ukiweka dhamana ya dola 3,000, bei ikikaribia 72,000 soko linaifunga kwa nguvu. Yalinikuta mimi: nililala Tabata shoti ikiwa hai, usiku bei ikachomoka juu, ikaniunguza, kisha ikashuka mpaka pale pale nilipotegemea. Utabiri ulikuwa sahihi, ila hela nilikuwa sina tena. Ukiweka 7,500, kikomo kinasogea hadi karibu na 90,000, lakini hizo ni dola zilizofungiwa tu.

Halafu kuna fandingi, malipo ya mara kwa mara kati ya wanaoshoti na wanaotegemea bei ipande. Kwenye masoko mengi hulipwa kila baada ya saa 8. Kwa Dar ni saa 9 usiku, saa 5 asubuhi na saa 1 jioni. Kiwango kikiwa chanya, wanaotegemea bei ipande ndio wanaokulipa: 0.01% ya dola 15,000 ni dola 1.5 kila awamu. Ila kila mtu akishangojea anguko, kiwango kinaweza kugeuka hasi. Kikikaa -0.03%, unatoa dola 13.5 kwa siku, yaani 405 kwa siku 30. Ukiona hivyo, ujue umati umeshakutangulia.

Sasa upande ambao wengi hawapendi kuusikia: ukiuza 0.25 ukakaa na USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata dola, matokeo ya bei ni yale yale. Ikishuka umeokoa nusu, ikipanda umekosa nusu, kama tu ulivyoshoti. Tofauti ni kwamba hakuna wa kukufunga usiku wala fandingi ya kulipa. Kwa hiyo hilo neno "siuzi" ni la moyoni zaidi. Kihesabu, anayeshoti nusu ameuza nusu kwa muda.

Kwa hiyo mimi naegemea kuuza, isipokuwa sarafu ziko mbali na soko na hutaki kuzihamisha, fandingi ni chanya, na USDT za dhamana unazo pembeni bila kukopa. Kama hayo yote unayo, shoti 0.25 kwa dhamana ya 7,500, chagua Isolated ili isiburute biashara zako nyingine, na weka mapema oda ya kuifunga, tuseme 52,000. Ikifika hapo iache ifunge, hata kama kijiweni wanasema inaenda 40,000.