Asilimia 3 ya dukani na asilimia 3 ya salio

Chukua friza ya shilingi 1,200,000 katika duka la Mwanjelwa, Mbeya. Muuzaji anaikopesha kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Mkopeshaji wa mtaa wa pili naye anatangaza asilimia 3 kwa mwezi, ila yeye anapiga riba kwenye salio.

Dukani riba ni ya flati: inapigwa kwenye mkopo wa mwanzo hadi siku ya mwisho. Ni 36,000 kila mwezi, kwa mwaka 432,000, na rejesho ni 136,000 bila kubadilika. Kwa mkopeshaji wa pili unapunguza deni kwa 100,000 kila mwezi, na riba inahesabiwa kwenye kilichobaki. Mwezi wa kwanza unalipa riba ya 36,000, wa pili 33,000, wa tatu 30,000, hivyo hivyo mpaka wa mwisho ambao ni 3,000 tu. Jumla ya riba ni 234,000.

Tofauti ni 198,000, na chanzo chake ni kwamba mwaka mzima hukukaa na deni la 1,200,000. Kwa wastani ulidaiwa 650,000. Mwezi wa 12 deni lililobaki ni 100,000, lakini duka bado linakutoza riba ya 36,000. Ukiligeuza rejesho la duka kuwa riba ya salio, inazidi asilimia 5 kwa mwezi.

Muuzaji ana hoja zake. Mara nyingi hadai hati ya kiwanja wala wadhamini, friza unaondoka nayo leo, na rejesho lisilobadilika ni rahisi kulipangia. Mkopeshaji wa salio naye anaweza kuongeza ada ya fomu na bima, na marejesho yake ya mwanzo ndiyo mazito. Wala flati yenyewe si dhambi: ya asilimia 1.5 ingekugharimu 216,000, nafuu kuliko ile 3 ya salio. Ninachokataa mimi ni kuzilinganisha asilimia kana kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Huku kwetu kuna jambo zito zaidi, maana fedha za wengi huja kwa msimu. Tuseme mama wa Uyole anauza maziwa kwa friza hiyo, na ana shamba la viazi Umalila. Baada ya marejesho sita viazi vinauzwa, anataka kumaliza deni. Kwenye salio anatoa 600,000, basi. Kwenye flati, kama mkataba hautoi punguzo, atadaiwa marejesho sita yote, yaani 816,000, akilipia riba ya miezi ambayo hatadaiwa kitu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize muuzaji: nikimaliza mwezi wa sita nitalipa shilingi ngapi? Mwambie aiandike kwenye mkataba. Uliza pia bei ya taslimu, kwa sababu wapo wanaopandisha bei ya friza kwanza, ndipo wanapiga riba juu yake.