Kwa nini Content-Aware Fill huvunja mistari

"Mbona nikimfuta mtu aliyesimama kwenye nyasi picha inatoka safi, lakini akiwa mbele ya ukuta ule mstari wa rangi unakatika?"

Wahariri wa picha hujibu swali hili kwa namna mbili. Wapo wanaolaumu mkono: umechagua eneo vibaya, rudia. Wengine hulaumu zana: iache, chukua Clone Stamp unakili sehemu za picha kwa mkono wako mwenyewe. Nionavyo mimi wote wana haki, ila wanazungumzia makosa mawili tofauti.

Content-Aware Fill, zana inayojaza yenyewe pengo la kilichofutwa, iliingia Photoshop CS5 mwaka 2010, ikitegemea mbinu ya PatchMatch iliyotolewa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na Adobe. Mbinu hiyo haimjui mtu wala ukuta. Inachojua ni viraka, yaani vimraba vidogo vya picha, kwa mfano pikseli 7 kwa 7. Kwa kila kiraka kinachogusa tundu, inatafuta kwingine pichani kiraka kinachokaribiana nacho zaidi kwa rangi. Kuvipitia vyote kungechukua muda mrefu mno, hivyo huanza kwa kubahatisha. Bahati ikiangukia kiraka kinachofaa, jirani hujaribu kilicho pembeni ya hicho, na chaguo zuri husambaa haraka. Viraka hupandiana, kwa hiyo rangi ya pikseli huwa wastani wa viraka vyote vinavyoifunika. Kazi huanzia kwenye nakala ndogo ya picha, kisha hurudiwa kwenye kubwa zaidi hadi ukubwa halisi.

Nyasi zinaipenda njia hii. Viraka vinavyofaa ni tele, na kimoja kikikaa pembeni kwa pikseli moja hakuna atakayeona.

Sasa chukua ukuta wa rangi mbili, kahawia chini na nyeupe juu, uliopigwa picha kwa pembeni kidogo. Mstari unashuka pikseli 1 katika kila pikseli 10. Aliyefutwa ameacha tundu la upana wa pikseli 300, kwa hiyo mstari unaotokea kulia uko pikseli 30 chini ya ule ulioingilia kushoto. Lakini ndani ya kiraka cha pikseli 7 mshuko haufiki hata pikseli moja, na kwa kiraka mstari huo ni kama umelala. Nakala ndogo inasaidia kwa kuwa tundu nalo limepungua, ila mteremko unabaki uleule, na kiraka bado hakiuoni. Mara nyingi basi kushoto huendeleza mstari kivyake, kulia kivyake, na katikati inazuka ngazi. Pale ambapo viraka havikubaliani mstari upite wapi, ule wastani hugeuka ukungu. Itazame kwa 100%: utaona chembechembe za ukuta zimelainika kandokando ya mstari. Hapa hakuna uchaguzi mzuri wa kuokoa jambo, na wanaolaumu zana wamesema kweli.

Wanaolaumu mkono wanapata haki yao pale anayefutwa anapogusana na anayebaki. Ukichagua kwa kubana, utepe mwembamba wa nguo ya anayefutwa hubaki nje ya uchaguzi, na programu huuchukua kama sehemu halali ya kuendelezwa. Ukipanua, unamega bega la jirani. Ukiliacha shati la jirani kwenye eneo la kijani la sampuli, yaani pale programu inapochukua viraka, shati hujimwaga ukutani. Ukiliondoa, mpakani panahitajika viraka vyenye nusu shati na nusu ukuta, na sasa havipatikani popote.

Dawa ninayoiamini ni kuuondoa ukingo kwenye hesabu. Mchague jirani pamoja na anayefutwa, ondoa wote wawili kwenye sampuli, jaza ukuta mtupu kwenye leya mpya, kisha mrudishe jirani juu yake kwa maski kutoka leya ya awali. Kwa ukuta wa rangi mbili, anza na mstari: nakili utepe mrefu wa mstari kutoka upande uliosalia, uweke juu ya tundu, uzungushe kidogo hadi ncha zote mbili zikutane na mstari wa kweli. Kisha jaza sehemu ya juu kwa sampuli nyeupe pekee, na ya chini kwa kahawia pekee. Kila ujazo sasa ni kazi rahisi kama ya nyasi, ndiyo maana siafiki kuitupa zana hii: rangi na chembe inazoweka zimetoka kwenye picha ileile.

Kilichofichwa kikiwa kona ya fremu ya mlango, chaguo la Mirror, linalogeuza viraka kama kwenye kioo, linaweza kusaidia iwapo kona ya upande wa pili inaonekana. Kama haionekani, kona hiyo itabidi uijenge mwenyewe, kwa sababu pichani hakuna kiraka cha kuinakili.