Ukinunua kinu, umenunua nini hasa?

Kila bei ya unga inapopanda, kwenye bekari hakosi mtu mezani wa kusema, "Kwa nini tusiwe na kinu chetu cha kusaga ngano?" Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, maana nilikaa miaka kadhaa kwenye mahesabu ya bekari moja kubwa, na mwishowe bosi wetu alinunua kinu kweli. Wachumi huita jambo hili muungano wa wima: mwenye biashara anaimiliki hatua iliyo kabla au baada ya yake. Sisemi ni kosa siku zote. Ninachokataa ni ile sababu inayotajwa kwanza, kwamba ukiwa na kinu bei ya unga haitakugusa tena.

Kinachopandisha unga mara nyingi ni ngano, na kinu hakioteshi ngano. Kitaingia sokoni kuinunua kwa bei ile ile anayolipa msagaji uliyemkimbia. Shirika la ndege la Delta Air Lines lilinunua mwaka 2012 kiwanda cha kusafisha mafuta huko Trainer, Pennsylvania, ili lipunguze gharama ya mafuta ya ndege. Lakini mafuta ghafi yana bei yake ya soko, na mwenye kiwanda hulipa kama wenzake. Kilichohamia mikononi mwa shirika ni lile fungu la msafishaji tu, yaani tofauti kati ya bei ya mafuta ghafi na bei ya mafuta yaliyosafishwa. Nawe ukinunua kinu umenunua fungu la msagaji, na fungu hilo ni jembamba kuliko watu wanavyodhani.

Tulipige hesabu kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi, kwa sarafu yoyote upendayo. Kilo moja ya ngano ni 100. Kilo 100 za ngano zinakupa takriban kilo 76 za unga mweupe, na 24 zilizobaki ni pumba. Ngano imekula 10,000. Pumba ukiiuza 50 kwa kilo inarudisha 1,200, kwa hiyo ngano imekugharimu 8,800. Kusaga, kinu kikifanya kazi usiku na mchana, tuseme ni 10 kwa kila kilo ya ngano, yaani 1,000. Jumla 9,800. Gawa kwa kilo 76 za unga, unapata 129 hivi. Sokoni unga ni 135. Umeokoa 6 kwa kilo, na kwa bekari kubwa si haba.

Sasa tazama pumba. Ikishuka kutoka 50 hadi 30, unga wako unafika 135, na akiba yote imeyeyuka. Mtu anayejua mikate tangu utotoni anajikuta faida yake inategemea wafugaji wananunua chakula cha mifugo kwa bei gani mwezi huu. Kwetu hakuna aliyeliwaza hilo kabla ya kutia saini.

Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba kinu na bekari havilingani kwa ukubwa. Kinu cha rola kinachosaga tani 50 za ngano kwa siku ni kidogo katika biashara ya usagaji, ilhali bekari inayomaliza tani 10 za unga kwa siku si ndogo hata kidogo. Tani 10 za unga zinahitaji tani 13 tu za ngano. Maana yake kinu kinafanya kazi robo ya uwezo wake. Katika ile 10 ya kusaga, tuseme 7 ni mkopo, mafundi na uchakavu wa mitambo, vitu vinavyolipwa kinu kiunguruma au kilale. Ukizigawa kwa robo ya ngano, gharama ya kusaga inaruka kutoka 10 hadi karibu 30 kwa kilo, na unga wako mwenyewe unakufikia kwa 155. Jirani asiye na kinu ananunua kwa 135.

Ili ulingane tu na soko, kinu hicho lazima kisage kama tani 30 kwa siku, yaani kitoe tani 23 za unga. Wewe unatumia 10. Zile 13 atanunua nani? Wanunuzi wakubwa wa unga wa mkate ni bekari nyingine, yaani washindani wako, na watakuuliza swali la haki: siku unga ukiadimika, nani atapelekewa kwanza? Sisi tuliwapata wawili, wakanunua kwa bei ya kuwabembeleza, na mmoja aliondoka mara tulipofungua duka karibu na lake.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya hesabu havilionyeshi. Msimu mmoja tulipokea shehena ya ngano iliyonyeshewa kabla ya kuvunwa. Punje zikilowa shambani huanza kuota, hata kama kwa macho huoni chipukizi, na kimeng'enya kiitwacho amilesi huanza kuvunja wanga. Kipo kipimo cha kuijua, cha Hagberg: unga unachanganywa na maji na kupashwa moto, kisha unahesabu sekunde kijiti kinazochukua kuzama ndani ya uji ule. Unga mzuri wa mkate hufika 250 au zaidi. Wetu ulitoa 140. Donge lilinata mikononi mwa waokaji, mkate ukatoka na rangi nzuri kabisa, lakini ukiukata kisu kinatoka na utando wa ute na ndani umeshikana kama haujaiva. Zamani dawa ilikuwa simu moja: njoo uchukue unga wako. Safari hii lori lilitoka kwetu. Meneja wa bekari alipolalamika, aliambiwa aongeze muda wa kuoka. Akauongeza. Mikate ikarudi kutoka madukani.

Na ndani ya ofisi neno "wetu" lilitulevya. Kitengo cha mauzo kilikubali oda kubwa ya mikate kwa bei ya chini, kwa hoja kwamba unga unatugharimu 129. Lakini kilo hiyo ingeweza kuuzwa 135 kwa mtu wa nje. Kwa hiyo ndani ya mkate bei yake ni 135, na oda ile ilikula faida ya kinu huku bekari ikipigiwa makofi. Nilipendekeza kinu kiiuzie bekari kwa bei ya soko, na bekari iwe huru kununua nje. Bosi alicheka: "Sasa nilinunua kinu cha nini?" Swali lilikuwa zuri kuliko alivyokusudia.

Nini kingenifanya niseme ndiyo? Bekari inayoweza kumaliza yenyewe sehemu kubwa ya unga wa kinu, au inayohitaji unga wa namna ambayo hakuna msagaji anayekubali kuutenga. Au pale penye msagaji mmoja tu, naye anajua huna pa kwenda.

Nje ya hapo, ningeanza na kusagisha kwa malipo. Unanunua ngano mwenyewe, unaipima, unaipeleka kwa msagaji mwenye nafasi na kumlipa ada kwa tani, mkikubaliana kwa maandishi kiasi cha unga kinachotakiwa kutoka na pumba ni ya nani. Ngano unaichagua wewe, na unga ukitoka mbovu kwa kosa lake unaurudisha. Baada ya mwaka utakuwa na daftari la namba zako halisi. Sisi tulilipata daftari hilo tukiwa tayari na mkopo.